Saa Moja ya Kuzungumza Baada ya Kifo Wodini

Mama anapofariki wodi ya wazazi saa 10 alfajiri, kazi haisimami. Mwili unahifadhiwa, shuka zinabadilishwa, ndugu wanaitwa na kupewa habari, faili linaandikwa, na kitanda cha pili kuna mama mwingine ambaye uchungu umeshamkolea. Asubuhi zamu nyingine inaingia, ripoti inasomwa, na kifo kile kinatajwa kwa sentensi moja kati ya habari za wagonjwa wengine ishirini. Waliokesha wanavua sare na kupanda daladala. Nyumbani kuna watoto wanaosubiri chai. Keshokutwa wanarudi wodi ile ile, na pengine mgonjwa wao wa kwanza analazwa kitanda kile kile.

Kinachowapata watu hawa kimeandikwa kwa muda mrefu. Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake wa wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London. Aliona kwamba wodi yenyewe imejipanga ili kumkinga muuguzi na uchungu wa kazi: kazi imekatwa vipande vidogo vidogo, wauguzi wanahamishwa mara kwa mara, na mgonjwa anatajwa kwa namba ya kitanda au kwa ugonjwa wake. Ila kinga hiyo ilikuwa na gharama. Uchungu haukuondoka, ulikosa tu mahali pa kusemewa, na wanafunzi wengi wa uuguzi, wakiwemo wazuri, waliacha mafunzo njiani. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika wodi zetu, ambako zamu ya usiku huweza kuwa na mkunga mmoja au wawili kwa wazazi wengi, anaijua wodi ya namna hiyo.

Kikao cha tafakari ni jaribio la kuupa uchungu ule mahali na saa yake. Timu iliyohusika inakaa pamoja kwa saa moja, siku chache baada ya tukio, chini ya mwezeshaji, na kuzungumza kuhusu jinsi kazi ile ilivyowagusa. Maelezo hayo ni mafupi, na ndiyo maana ni rahisi sana kukiharibu.

Njia ya kwanza ya kukiharibu ni kukichanganya na kikao kingine. Tanzania na Kenya, kifo cha mama mjamzito au mzazi kinachotokea hospitalini kinapaswa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, kisha kamati inakipitia: alifika saa ngapi, alipewa dawa gani, damu ilichelewa wapi, nini kirekebishwe. Mwongozo wa mapitio hayo unasisitiza kwamba hayafanywi ili kumtafuta wa kulaumiwa. Ni kikao cha lazima na kinaokoa maisha. Lakini kina faili mezani, kina muhtasari unaoandikwa, kina wakubwa wanaouliza. Mkunga hawezi kusema pale kwamba tangu usiku ule akisikia mtoto mchanga analia mikono inamtetemeka. Na akisema, hakuna atakayejua pa kuiandika sentensi hiyo. Vikao viwili hivi viwe na siku tofauti, chumba tofauti na mwenyekiti tofauti. Hospitali inayosema itavifanya kwa pamoja ili kuokoa muda itapata kile cha kwanza peke yake.

Njia ya pili ni kukifanya kuwa tiba. Hapa kuna historia ambayo kila anayetaka kuendesha vikao hivi anapaswa kuijua. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura, alipendekeza mpango wa kuwakusanya waokoaji mapema baada ya tukio baya, wasimulie hatua kwa hatua walichokiona, walichokifikiri na walichokihisi, kwa matumaini kwamba kiwewe hakitaota mizizi. Wazo lile lilienea haraka. Likatolewa mikononi mwa vikundi vya waokoaji, likaanza kutumiwa kwa mtu mmoja mmoja aliyepata ajali, hata kwa wagonjwa waliolazwa.

Mwaka 1997 watafiti wa Wales walichapisha matokeo ya jaribio kwa watu waliolazwa kwa kuungua moto. Baadhi walipewa kipindi kimoja cha kusimulia, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao. Ni kweli kwamba kundi la kwanza lilikuwa na majeraha mabaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa kipindi kile. Hata hivyo majaribio yalipokusanywa na kupimwa pamoja, hayakuonyesha kwamba kusimulishwa mara moja kunazuia kiwewe, na ishara kwamba kunaweza kuwadhuru baadhi ya watu ilibaki. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba njia hiyo isitumike kwa lengo la kuzuia kiwewe.

Wapo waliosoma habari hizo wakahitimisha kwamba watu wasizungumze kabisa. Nadhani hilo ni kosa. Wengi wa waliopimwa walikuwa waathirika wa ajali, kila mmoja peke yake na mgeni aliyekuja kumsimulisha, wakati bado wana maumivu. Timu ya wodi ni watu wanaofahamiana, wanaorudi kazini pamoja kesho, na wengi wao tayari wanazungumza vipande vipande kwenye chumba cha chai. Onyo lililopatikana pale ni jingine, na mwezeshaji alishike: mtu asilazimishwe kuja, asilazimishwe kusema, asiombwe kurudia picha za kutisha, na asiahidiwe kwamba kikao kitamkinga na ugonjwa. Kanuni zote za kikao kizuri zinatoka humo.

Kwanza, wakati. Saa ile ile ya kifo siyo wakati wake. Kinachofaa pale ni dakika tano tu: aliyeongoza kazi anawakusanya waliopo, anawashukuru, anauliza kama kuna aliyejeruhiwa au kuchomwa na sindano, anapanga nani aongee na ndugu na nani apumzike kidogo. Kikao chenyewe kinafaa baada ya siku tatu hivi hadi wiki mbili, watu wakishalala na kula. Wodi nyingi hupata nafasi mchana, zamu ya asubuhi inapokabidhi kwa ile ya jioni, kwa sababu kwa muda mfupi zamu mbili zinakuwapo pamoja. Waliokuwa usiku ule wapangwe zamu inayowaruhusu kuja. Kumwita mtu aliyetoka kukesha akae kwenye kiti hadi saa 9 mchana ni adhabu.

Pili, mwezeshaji. Asiwe inchaji wa wodi wala mtu yeyote atakayejaza fomu ya tathmini ya wale walioketi mbele yake. Katika hospitali ya mkoa, muuguzi wa afya ya akili kutoka idara nyingine anafaa, au afisa ustawi wa jamii, mradi amefundishwa na mwenyewe hakuwapo usiku ule. Wakiwa wawili ni bora zaidi: mmoja anaongoza mazungumzo, mwenzake anaangalia nyuso na kumfuata anayetoka nje.

Tatu, nani aje. Kila aliyegusa tukio: mkunga, daktari, interni, mwanafunzi, mhudumu wa afya aliyetumwa damu, mtu wa maabara, mfanya usafi aliyeosha sakafu. Hao wawili wa mwisho ndio wanaosahauliwa. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, wengi watakuwa watazamaji.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa aina inayotokea. Mama wa mtoto wa pili analetwa kwa rufaa kutoka zahanati. Anajifungua salama saa 7 usiku, kisha kizazi kinagoma kusinyaa na damu inatoka kwa wingi. Mkunga anakanda kizazi, dawa zinatolewa, daktari anaitwa, mhudumu wa afya anatumwa benki ya damu. Chupa moja inapatikana, ya pili inachelewa. Mama anafariki saa 10. Siku ya tano, saa 8 mchana, watu tisa wanaketi kwa duara katika chumba cha mafunzo. Mlango umefungwa, simu zimezimwa isipokuwa moja ya dharura aliyonayo mwezeshaji wa pili. Hakuna meza katikati na hakuna karatasi ya kusaini. Hili la karatasi ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu jina likishaandikwa tu, watu wanajua kuna faili mahali fulani.

Mwezeshaji anaanza kwa kanuni, na anazisema kwa maneno ya kawaida: "Karibuni, na poleni sana. Tuna saa moja. Hatukuja kutafuta nani alikosea, kwa sababu hilo lina kikao chake. Kila mtu azungumzie yaliyompata yeye, asimsemee mwenzake. Anayetaka kukaa kimya akae, na anayetaka kutoka atoke, mwenzangu atamfuata nje kumwangalia tu, si kumrudisha. Yanayosemwa hapa hayatoki, na hakuna anayeandika. Ila kuna mambo siwezi kuyafunika: nikisikia kwamba mtu anataka kujidhuru, au kwamba kuna mgonjwa aliye hatarini hivi sasa, nitalazimika kuchukua hatua, na nitamwambia mhusika kabla sijafanya hivyo. Mnakubali?"

Sentensi ile ya siri yenye mpaka isirukwe. Mwezeshaji anayeahidi siri isiyo na mwisho atakuja kuivunja siku moja, na siku hiyo vikao vya wodi hiyo vimekufa. Na swali la mwisho lisubiri jibu. Mtu mmoja anaweza kuuliza kama inchaji atasimuliwa. Ajibiwe kweli: ataambiwa kwamba kikao kimefanyika na watu wangapi wamekuja, basi.

Kisha kuna kanuni moja ambayo vitabu vya Ulaya havina haja nayo sana lakini sisi tunayo. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, na daktari akishasema, mhudumu wa afya ananyamaza. Heshima hiyo haivunjwi kwa kutangaza kwamba leo wote ni sawa. Inatosha kupanga wasemaji: wa vyeo vya chini waanze, daktari na mkunga mkuu wamalizie. Daktari aelezwe mapema, nje ya chumba, ili asione amedharauliwa.

Swali la kwanza ni jepesi kwa makusudi: "Usiku ule ulikuwa wapi, na kazi yako ilikuwa ipi?" Dakika kumi kwa wote. Watu wanaeleza walichofanya bila kuingia kwenye damu na vilio, na polepole tukio linakuwa kitu kimoja mbele yao, kwa maana hakuna aliyeliona lote. Mtu akianza kuchora picha za kutisha, mwezeshaji anamtoa taratibu: "Asante, tunaelewa ilivyokuwa. Baada ya hapo ulienda wapi?"

Swali la pili ndilo kiini, na lipewe karibu dakika ishirini na tano: "Tangu siku ile, ni kitu gani kimebaki na wewe?" Hapa mwezeshaji ajifunze kunyamaza. Ukimya wa sekunde kumi na tano unaonekana mrefu mno kwa anayeongoza, lakini mara nyingi anayejiandaa kusema anauhitaji wote.

Katika mfano wetu anayeuvunja ni mhudumu wa afya, mama wa makamo. Anasema amebaki na ngazi. Benki ya damu iko ghorofa ya chini upande wa pili, magoti yake yanauma, na alipanda taratibu. Anaamini angekimbia mama yule angeishi. Siku tano zote hajamwambia mtu. Mtu wa maabara anainua mkono: chupa ile ilikuwa bado inapimwa ulinganifu, haikuwa tayari, hata angefika mapema angesimama mlangoni kusubiri. Mkunga naye anasema yeye alimwahidi mgonjwa kwamba asubuhi atampakata mwanawe, na ahadi ile inamrudia kila anapomwandaa mzazi mwingine. Interni anakiri kwamba aliwakwepa ndugu koridoni kwa sababu hakujua aseme nini.

Angalia kilichotokea kwa yule mama. Hakupewa ushauri wala hakuambiwa asijilaumu. Alipata habari aliyoikosa, kutoka kwa mtu pekee aliyekuwa nayo, na asingeipata kama mtu wa maabara hakualikwa. Laiti ingekuwa kwamba kweli alichelewesha, mwezeshaji asingemdanganya. Angesema, "Hilo ni zito, na nashukuru umelisema. Tutazungumza mimi na wewe baadaye, na kama linahusu mapitio ya kifo nitakusaidia ulifikishe mwenyewe." Kikao hiki hakimsafishi mtu wala hakimhukumu.

Pia kuna maneno ambayo husemwa mapema na kufunga kila kitu: ni mapenzi ya Mungu, tumwachie yeye. Wanaoyasema wanayaamini, na mwezeshaji asiyapinge. Anaweza kuyapokea na kufungua mlango kando yake: "Ndiyo. Na wewe uliyekuwa pale, imani hiyo imekusaidia vipi wiki hii? Na wapi bado pagumu?"

Maneno ya mwezeshaji yana kazi nyingine, ya kukwepa lawama. "Kwa nini hukumwita daktari mapema?" ni swali la mahakamani hata likisemwa kwa upole. Likitoka kwa mshiriki, lirudishwe kwa aliyeuliza: "Nasikia kuna jambo linakusumbua kuhusu muda ule. Wewe ulikuwa unaonaje ukiwa pale ulipokuwa?" Mara nyingi nyuma ya lawama kuna woga wa msemaji mwenyewe. Likirudi mara ya pili, mwezeshaji asimame wazi kwenye kanuni: hilo ni la kamati ya mapitio, hapa hatulipokei. Asipofanya hivyo mara moja, nusu ya chumba itajifunga, na dalili yake ni kwamba watu wanaanza kujieleza kwa saa na dozi, kama wanaoandika ripoti.

Mtu akilia, asikimbiliwe. Jirani yake anaweza kumshika bega kama ndivyo walivyozoea. Mwezeshaji amuulize kama angependa kuendelea, kupumzika au kutoka. Haraka ya kumbembeleza mara nyingi inatuliza waliobaki zaidi ya anayelia.

Swali la tatu, dakika kumi: "Usiku ule ulimwona nani akifanya jambo lililokusaidia wewe au mgonjwa?" Lisitangulie, maana likianza linasikika kama la kuwanyamazisha. Likija hapa watu wana la kusema: mwanafunzi aliyemshika mama mkono bila kutumwa, mfanya usafi aliyempeleka mtoto kwa bibi yake akiwa amefunikwa vizuri. Wengine hujifunza kwa mara ya kwanza kwamba walionekana.

Swali la mwisho linawarudisha kazini: "Unahitaji nini ili uingie zamu ya kesho?" Majibu yawe madogo. Mkunga anaomba wiki hii asipangwe peke yake usiku. Interni anaomba daktari mkubwa amfundishe namna ya kutoa habari ya kifo. Wote wanaomba simu ya benki ya damu ifanye kazi, ili mtu asitumwe kwa miguu kuuliza tu. Hilo la simu ni kasoro ya hospitali, na mwezeshaji anaomba ruhusa ya kulipeleka kwa mganga mfawidhi kwa sentensi moja isiyo na jina la mtu. Kama baada ya vikao vitatu simu bado imekufa, watu wataacha kuja, na watakuwa na haki. Saa moja ya kuzungumza haiwezi kuchukua nafasi ya damu, watumishi na vifaa, na uongozi unaoitumia badala ya hivyo unawadhulumu watumishi wake.

Kabla ya kufunga, mwezeshaji anaeleza kwamba kwa siku au wiki kadhaa mtu anaweza kulala vibaya, kushtuka, kukosa hamu ya kula au kuwa mkali nyumbani, na kwamba kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Kisha anataja dalili za kutafuta msaada: ndoto na picha za tukio zinazoendelea zaidi ya mwezi mmoja, kukwepa wodi au chumba kile, pombe kuongezeka ili kupata usingizi, kuona maisha hayana maana. Dalili hiyo ya mwisho haisubiri mwezi wala siku. Anataja kwa jina mtumishi wa afya ya akili atakayewapokea na siku anayopatikana, na anahakikisha kwamba njia ya kumfikia haipiti mezani kwa inchaji.

Baada ya wiki mbili wawezeshaji wanapita wodini kwa zamu zote, usiku ikiwamo, na kumuuliza kila mmoja pembeni anaendeleaje. Wanaanza na yule ambaye hakuja, kisha yule aliyekaa kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho.